Kusubiri taa, kujaza kwenye nusu, au kuhesabu vituo: njia tatu za kupanga mafuta ya safari ndefu

Chukua gari la petroli lenye tangi la lita 50 na safari ya kilomita 820. Njiani kuna vituo vya mafuta kwenye kilomita 110, 190, 340, 390, 600 na 680, halafu kuna kingine mwisho wa safari. Gari linaondoka tangi likiwa limejaa. Dereva mmoja ana desturi ya kusubiri taa ya mafuta iwake. Mwingine hujaza geji ikifika nusu. Wa tatu huhesabu vituo vilivyo mbele yake. Nitawapitisha wote kwenye barabara hii moja, kwa sababu kwa maneno matupu kila mmoja wao anasikika kuwa na akili. Tofauti yao huonekana pale unapopima lita zilizobaki kwenye tangi.

Namba ambayo wote watatu wanaihitaji

Kwanza ujue gari linakula kiasi gani, na ujue kwa kupima. Jaza tangi mpaka bomba la pampu likate lenyewe mara ya kwanza, wala usiongeze. Rudisha kihesabu cha safari kwenye sifuri. Endesha kama kawaida mpaka tangi lishuke chini ya nusu, kisha jaza tena kwa namna ileile. Lita ulizoweka mara ya pili ndizo zilizoliwa. Kama ni lita 38.4 na umetembea kilomita 480, gawanya 38.4 kwa 480, zidisha kwa 100, unapata lita 8.0 kwa kilomita 100. Rudia mara mbili tatu, maana pampu zote hazikati mahali pamoja na kosa la lita moja linaonekana sana kwenye umbali mfupi. Kile kiasi ambacho dashibodi inakuonyesha mara nyingi huwa kizuri kidogo kuliko ukweli, kwa hiyo kilinganishe na kipimo chako kabla ya kukiamini.

Wengi tumezoea kuhesabu kwa upande wa pili: gari linakwenda kilomita ngapi kwa lita. Si kosa, ila lina mtego unapochanganya vipande viwili vya barabara. Tuseme mlimani gari linakwenda kilomita 8 kwa lita, na tambarare kilomita 14. Ukisafiri kilomita 100 za kila aina, wastani unavutia kuwa 11. Hesabu lita zenyewe: mlimani 12.5, tambarare 7.1, jumla 19.6 kwa kilomita 200. Hiyo ni kilomita 10.2 kwa lita, si 11. Mlima hula zaidi ya sehemu yake. Ukitumia lita kwa kilomita 100 mtego huu haupo, unajumlisha tu.

Gari letu limepimwa na kula lita 8. Lakini limepimwa likiwa na mtu mmoja na bila mzigo juu. Safari hii lina watu watano, mizigo kwenye keria, na baadhi ya vipande ni vya kupanda. Mzigo wa juu unakamata upepo, na nguvu ya upepo inayokuzuia hukua kwa mraba wa mwendo: ukitoka 90 kwenda 120 kwa saa, nguvu hiyo inakaribia kuongezeka maradufu. Kwa hiyo kwenye mpango naongeza robo nzima na kuandika lita 10 kwa kilomita 100. Hiyo robo ni tahadhari yangu tu. Kituo cha kwanza tutakachojaza ndicho kitakachotuambia kama ilitosha.

Anayesubiri taa

Kitabu cha gari hili kinasema taa inawaka zikiwa zimebaki lita 7. Angalia chako, kwa kuwa magari hutofautiana. Maana yake ni kwamba taa itawaka baada ya kula lita 43.

Kama gari lingeendelea kula lita 8, taa ingewaka kwenye kilomita 537. Kituo cha kilomita 600 kingekuwa kilomita 63 mbele, zikihitajika lita 5 hivi. Dereva angefika akiwa na karibu lita 2, na angemwambia kila mtu kwamba njia yake inafanya kazi.

Sasa weka matumizi halisi ya leo, lita 10. Taa inawaka kwenye kilomita 430. Kituo cha kilomita 390 kimeshabaki nyuma kilomita 40, na cha mbele kiko kilomita 170. Lita 7 zinabeba kilomita 70. Akiendelea mbele, gari linazimika karibu na kilomita 500, kilomita 100 kabla ya kituo. Akigeuza palepale anarudi kilomita 40 na anaokoka, ila inabidi awe anajua kituo kiko nyuma kiasi gani, na mtu anayesubiri taa kwa kawaida hakuwa akihesabu.

Ubaya wa taa, basi, si kwamba inadanganya. Inasema kweli kuhusu tangi, lakini inasema ukiwa mahali popote, na mara nyingi mahali hapo hapana kituo.

Kuna wanaojitetea kwamba hawasubiri taa, wao hutazama kilomita zilizobaki kwenye dashibodi. Hilo ni afadhali zaidi, lakini lielewe. Kompyuta inachukua mafuta yaliyomo na kuyagawa kwa matumizi ya kilomita ulizotoka kuzipita. Ukiwa umeteremka kwa nusu saa, itakuonyesha umbali wa mtu anayeteremka milele. Mlima ukianza, namba inaanguka haraka kuliko unavyotembea. Dereva wetu angeondoka na dashibodi ikimwonyesha zaidi ya kilomita 600, kwa sababu inakumbuka uendeshaji wa wiki iliyopita, na angeona kituo cha 600 kama kinafikika. Akifika kilomita 390 namba ingekuwa imeshajirekebisha na kusoma 110 hivi. Akiisoma hapo, pamoja na kujua kuwa kituo kijacho kiko kilomita 210, ameokoka.

Anayejaza kwenye nusu

Huyu anatulia zaidi. Nusu ya tangi ni lita 25, kwa hiyo geji inafika nusu kwenye kilomita 250. Kituo kinachofuata ni cha 340. Anafika na lita 16, anaweka 34. Anaondoka amejaza, nusu nyingine inamkuta kwenye kilomita 590, na kilomita 10 mbele kuna kituo. Anafika na lita 24, anajaza, na mwisho wa safari ana lita 28. Mara mbili amesimama, na hajawahi kushuka chini ya lita 16. Siku kama hii sina la kumkosoa.

Badilisha kitu kidogo tu. Familia ina njaa kwenye kilomita 190, wanasimama kula, na kwa kuwa wamesimama anajaza kabisa. Ni uamuzi ambao wengi wetu tungefanya. Sasa anapofika kilomita 390 amekula lita 20, zimebaki 30. Geji iko juu ya nusu. Kanuni yake inamwambia pita. Anapita, na anafika kituo cha 600 akiwa na lita 9.

Kama pampu za hapo zinafanya kazi, hakuna hadithi. Kama hazifanyi, kituo cha 680 kinahitaji lita 8. Atafika na lita 1, yaani atafika kwa kudra au hatafika kabisa. Na hajavunja kanuni yake hata mara moja.

Niliwahi kukutana na hali hiyo mwenyewe. Kituo kilikuwa wazi, mhudumu yupo, na mafuta yalikuwa tele chini ya ardhi. Umeme ulikuwa umekatika na jenereta ilikuwa mbovu. Tulikaa pale kwa saa nne. Tangu siku hiyo kituo kimoja sikihesabu kuwa ni uhakika. Kinaweza kuwa kinasubiri lori la mafuta, kimefungwa usiku, kina petroli lakini hakina dizeli, au kimekosa umeme kama kile.

Tatizo la kanuni ya nusu ni kwamba inapima tangi na kusahau barabara. Nusu ya tangi ni nyingi mno pale vituo vinapofuatana, na ni kidogo pale vinapopishana mbali. Tena geji yenyewe haishuki kwa mstari ulionyooka. Ndani ya tangi kuna boya linaloelea, na tangi si sanduku lenye pande sawa. Kwenye magari mengi sindano inachelewa kuondoka juu na kisha inakimbia upande wa chini, kwa hiyo "nusu" ya geji inaweza kuwa chini ya nusu ya lita. Ukiegesha kwenye mteremko, boya linasoma jingine kabisa.

Anayehesabu vituo

Wa tatu ana swali moja analojiuliza kwenye kila kituo: nikipita hapa, na kituo kijacho kikawa hakina mafuta, nitafika kile cha baada yake bila kugusa lita 5 za mwisho? Jibu likiwa ndiyo, anapita. Likiwa hapana, anajaza hapo hapo. Hesabu yake ni hii:

```
km = (lita zilizomo - 5) / matumizi * 100
```

Kilomita 110: zimo lita 39, ukitoa 5 zinabaki 34, yaani kilomita 340. Kituo cha baada ya kijacho ni cha 340, umbali wa kilomita 230. Anapita. Kilomita 190: zimo 31, anaweza kwenda 260, anahitaji 200. Anapita. Kilomita 340: zimo 16, anaweza kwenda 110 tu, na kituo cha baada ya kijacho kiko mbali kilomita 260. Anajaza. Kilomita 390: zimo 45, anaweza kwenda 400, anahitaji 290 kufika 680. Anapita. Kilomita 600: zimo 24, anaweza kwenda 190, na mwisho wa safari uko kilomita 220. Anajaza.

Utaona amesimama mahali palepale aliposimama mtu wa nusu. Ndiyo maana watu wanaona hesabu hii ni kazi ya bure. Sasa mpe naye chakula cha kilomita 190 na tangi lililojazwa hapo. Kilomita 340 zimo lita 35, anaweza kwenda 300, anahitaji 260. Anapita. Kilomita 390 zimo lita 30, anaweza kwenda 250, anahitaji 290. Anasimama na kuweka lita 20, ijapokuwa geji iko juu ya nusu. Anafika kituo cha 600 na lita 29 badala ya 9, na kama umeme umekatika hapo anaendelea mpaka 680 akiwa na lita 21.

Na kama kituo cha 390 ndicho kisicho na mafuta? Hapo yuko na lita 30, anajua kwamba anaingia kwenye pengo kubwa bila akiba kamili, na yuko mahali penye watu, si katikati ya pori. Anaweza kusubiri, au kurudi kilomita 50. Uamuzi huo ni mgumu, lakini anaufanya akiwa bado na mafuta.

Marubani wanapanga kwa mantiki iliyo karibu na hii. Mafuta ya safari yanahesabiwa peke yake, ya kwenda kiwanja mbadala peke yake, na chini ya hayo yote kuna akiba ya mwisho ambayo haipangiwi kazi: kwa ndege za jeti ni ya dakika 30 za kuruka. Hawasemi "robo ya tangi". Wanauliza mlango wa pili uko wapi.

| | Anayesubiri taa | Anayejaza kwenye nusu | Anayehesabu vituo |
|---|---|---|---|
| Safari ya kawaida | Anazimika karibu na km 500 | Anasimama 340 na 600 | Anasimama 340 na 600 |
| Akijaza km 190 | Taa inawaka km 620, kituo kiko km 60 mbele | Anafika 600 na lita 9 | Anajaza 390, anafika 600 na lita 29 |
| Kituo cha 600 kikiwa hakina mafuta, baada ya kujaza 190 | Anafika 680 na lita 1 | Anafika 680 na lita 1 | Anafika 680 na lita 21 |
| Anachohitaji kujua | Hakuna | Geji tu | Umbali wa vituo na matumizi |

Uchague ipi

Usihesabu vituo kila siku. Kuna kipimo cha haraka cha kukuambia kama kanuni ya nusu inatosha kwenye barabara fulani. Tazama mapengo mawili yanayofuatana ambayo jumla yake ni kubwa kuliko yote. Kwenye safari yetu ni 390 hadi 600 na 600 hadi 680, jumla kilomita 290. Kisha hesabu nusu ya tangi inakupeleka wapi ukitoa zile lita 5: hapa ni lita 20, kilomita 200. Kwa kuwa 290 ni kubwa kuliko 200, nusu haitoshi. Ingekuwa jumla kubwa kabisa ni 150, ningesahau hesabu zote na kufuata nusu kwa moyo mweupe.

Ukiipima taa kwa kipimo hichohicho, inabaki na lita 2 juu ya akiba, yaani kilomita 20. Inafaa mjini, ambako vituo vinatazamana. Nje ya hapo siipendekezi kwa mtu yeyote.

Kwa nini lita 5, na kwa nini haziguswi? Mafuta yakiwa machache huyumba kwenye kona na milima, na mdomo wa pampu unaweza kuvuta hewa kabla tangi halijakauka. Kwenye magari mengi ya petroli pampu iko ndani ya tangi na inapozwa na mafuta yanayoizunguka, kwa hiyo kuiendesha karibu na ukavu mara kwa mara kunaifupishia maisha. Kwa dizeli adhabu ni kubwa zaidi: ukiishiwa kabisa, hewa huingia kwenye mabomba, na magari mengi hayawaki kwa kuongezewa mafuta tu mpaka hewa hiyo itolewe. Mwenye gari kubwa linalokula lita 15 kwa kilomita 100 aweke 8 badala ya 5.

Kisha tumia kituo cha kwanza kusahihisha mpango. Kwenye kilomita 340 uliweka lita 34, sawasawa na ulivyopanga. Kama zingeingia 42.5, gari linakula 12.5 kwa kilomita 100, labda kwa upepo wa mbele au mguu mzito. Hapo rudia hesabu kabla ya kituo kinachofuata. Ukiwa umejaza 340, kwenye kilomita 390 zingebaki lita 43.75, na ukitoa zile 5 zinatosha kilomita 310. Bado unapita pengo la 290, lakini umebakiwa na kilomita 20 tu za ziada. Mimi ningesimama kuongeza zile 6 zilizoliwa.

Mapengo yakizidi uwezo wa tangi lenyewe, kanuni yoyote inashindwa na unabaki na mambo mawili: kupunguza mwendo, ambako kunarudisha kilomita nyingi kuliko watu wanavyodhani, au kubeba dumu. Dumu liwe lile lililotengenezwa kwa mafuta, lijazwe likiwa limewekwa chini ardhini, lisijazwe hadi mdomoni kwa sababu petroli hutanuka kwenye joto, na lisikae ndani pamoja na abiria. Na ukijikuta umeshaingia kwenye pengo mafuta yakiwa machache, shuka hadi 70 au 80, shikilia mwendo usiobadilika, zima kiyoyozi. Usitoe gia kwenye mteremko: injini za kisasa hukata mafuta zenyewe gari likiteremka kwenye gia, ilhali gia ikiwa huru injini inaendelea kula ili isizimike, na breki zinabeba kazi yote.

Limebaki la kituo cha 680. Dereva aliyejaza 390 anafika hapo na lita 21, na zimebaki kilomita 140. Hesabu inamruhusu kupita na kufika na lita 7, taa ikiwa ndiyo kwanza inawaka. Mimi ningeweka lita 10 hapo, kwa sababu kituo cha mwisho wa safari nacho ni kimoja, na kesho asubuhi gari litatakiwa liondoke.